Mnunuzi Anapoikataa Taarifa ya Rejesho: Kutafuta Kosa Kabla ya Kuiandika Upya

Taarifa iliyokataliwa ilikuwa na mistari mitatu tu, nayo ilisomeka hivi:

Manunuzi ya kipindi: 616,000
Kiwango cha rejesho: 3%
Krediti iliyowekwa kwenye akaunti: 8,720

Mnunuzi wa jumla akipokea karatasi kama hii hahitaji kuuliza mtu. Atachukua kikokotoo, atazidisha 616,000 kwa asilimia 3, atapata 18,480, kisha ataandika barua ya kudai 9,760 anazoamini kuwa amepunjwa. Hawezi kulaumiwa, kwa sababu taarifa yenyewe ndiyo iliyomwelekeza kwenye hesabu hiyo. Cha ajabu ni kwamba kila tarakimu katika mistari ile mitatu ni ya kweli. Ankara za kipindi zilifikia 616,000, ngazi aliyoifikia mnunuzi ni ya asilimia 3, na krediti iliyotolewa ni 8,720 kama mkataba unavyotaka. Kasoro ni kwamba tarakimu hizo hazitokani moja na nyingine. Ya kwanza ina kodi na nauli ndani yake, ya pili inahusu sehemu ndogo tu ya manunuzi, na ya tatu imetoka katika hesabu ambayo mnunuzi hakuonyeshwa.

Rejesho ninalolizungumzia hapa ni kile kiasi ambacho muuzaji humrudishia mnunuzi baada ya kipindi kufungwa, kulingana na wingi wa manunuzi yake. Halifanani na punguzo linalokatwa papo hapo kwenye ankara, ambalo kila mtu huliona siku ile ile. Kwa kuwa huja baadaye na hupitia hesabu kadhaa, taarifa yake haina budi kumwonyesha msomaji njia yote, kuanzia ankara hadi krediti. Mwongozo huu unafuata taarifa ile moja, dalili kwa dalili, mpaka iandikwe upya kwa namna inayoweza kukaguliwa na mtu ambaye hakuitengeneza.

Kwanza pima tofauti, usianze na maneno

Wengi wetu tukiambiwa kwamba taarifa haieleweki huanza kurekebisha lugha: tunaongeza aya ya utangulizi, tunabadilisha vichwa vya mistari, tunaweka maneno ya heshima. Nimewahi kuiandika upya taarifa moja mara tatu kwa namna hiyo, na mara zote tatu mnunuzi akarudisha jibu lile lile, kwa kuwa hakuwa na ugomvi na maneno. Alikuwa na tarakimu yake mkononi, na hakuna mahali nilipomwonyesha ilikopotelea.

Kwa hiyo anza na tofauti yenyewe. Weka mezani mkataba wa bei, orodha ya ankara za kipindi, hati za krediti zilizotolewa kwa bidhaa zilizorudishwa, na akaunti ya mteja inayoonyesha malipo yalivyoingizwa. Kisha mwombe mnunuzi akutumie hesabu yake, si malalamiko yake. Tofauti ya 9,760 ikishajulikana, kazi ni kuigawa katika vipande ambavyo kila kimoja kina chanzo chake, hadi isibaki hata moja isiyo na maelezo. Ikibaki, kuna chanzo ambacho hujakiona, na kuandika upya kabla ya kukipata ni kuandaa barua nyingine ya malalamiko.

Dalili ya kwanza: jumla ya manunuzi ya mnunuzi ni kubwa kuliko ile iliyotumika kwenye hesabu

Katika kesi yetu mkataba unasema kwamba rejesho linahesabiwa juu ya thamani ya bidhaa bila kodi na bila nauli, baada ya kuondoa bidhaa zilizorudishwa. Mnunuzi alijumlisha jumla za chini za ankara zake zote, akapata 616,000. Kodi ilikuwa asilimia 10, kwa hiyo thamani kabla ya kodi ni 560,000. Ndani ya hizo kulikuwa na nauli ya 14,000 iliyotozwa kwenye ankara zile zile, zikabaki 546,000. Bidhaa zilizorudishwa ndani ya kipindi zilikuwa na thamani ya 22,000 bila kodi, na baada ya kuziondoa tunapata 524,000. Hii ndiyo jumla inayostahili rejesho, na ndiyo ambayo taarifa ya kwanza haikuitaja popote.

Iko njia ya haraka ya kukitambua chanzo hiki bila kufungua ankara moja moja. Gawanya jumla ya mnunuzi kwa jumla yako kabla ya makato mengine. Jibu likiwa 1.10 kamili na kodi ni asilimia 10, basi mwenzako amejumlisha kodi, na huna haja ya kutafuta zaidi kwa kipande hicho. Kama jibu halikai kwenye tarakimu inayofahamika, tazama nauli na bidhaa zilizorudishwa, kisha bidhaa ambazo mkataba umezitoa kwenye rejesho, kwa mfano zile zilizouzwa kwa bei ya ofa. Hizi za mwisho hupotea kwa urahisi, kwa sababu kwenye ankara hazina alama yoyote inayozitofautisha na nyingine, ilhali mfumo wa muuzaji unazitambua kwa msimbo wa bidhaa ambao mnunuzi hauoni.

Chanzo kingine cha dalili hii ni tarehe. Muuzaji huhesabu kwa tarehe ya ankara, mnunuzi huingiza vitabuni siku mzigo unapofika ghalani, na mikataba mingine huhesabu ankara pale tu inapolipwa. Ankara ya tarehe 31 Machi ambayo mzigo wake ulipokelewa tarehe 2 Aprili itakuwa ya robo ya kwanza kwa mmoja na ya robo ya pili kwa mwingine, na wote wawili wataapa kwamba vitabu vyao viko sawa. Utaitambua kwa kulinganisha orodha zenu za wiki ya mwisho ya kipindi na wiki ya kwanza inayofuata. Kama tofauti yote imelala katika siku hizo chache, tatizo ni mpaka wa kipindi, na dawa yake ni sentensi moja kwenye taarifa inayosema ni tarehe ipi iliyotumika. Katika kesi yetu orodha zililingana, kwa hiyo tuliliacha jambo hilo.

Sasa pima uzito wa kipande hiki. Tofauti kati ya 616,000 na 524,000 ni 92,000, na asilimia 3 yake ni 2,760. Tumepata maelezo ya 2,760 kati ya 9,760. Bado 7,000.

Dalili ya pili: wote wawili mnakubaliana juu ya kiwango, lakini rejesho halilingani

Hapa ndipo palipo na mzozo wenyewe, na hapa ndipo taarifa nyingi huficha jambo bila kukusudia. Mkataba una ngazi tatu: asilimia 1 hadi kufikia 200,000, asilimia 2 kutoka hapo hadi 500,000, na asilimia 3 juu ya 500,000. Mnunuzi mwenye 524,000 yuko ngazi ya tatu, hilo halina ubishi. Swali ni je, kile kiwango cha asilimia 3 kinashika manunuzi yote tangu ya kwanza, au kinashika ile sehemu tu iliyovuka 500,000?

Kikishika yote, rejesho ni asilimia 3 ya 524,000, yaani 15,720. Kikishika sehemu tu, tunahesabu ngazi kwa ngazi: 200,000 za kwanza zinatoa 2,000, 300,000 zinazofuata zinatoa 6,000, na 24,000 za mwisho zinatoa 720. Jumla ni 8,720. Tofauti kati ya 15,720 na 8,720 ni 7,000 kamili, na hicho ndicho kipande kilichokuwa kimebaki.

Anayetumia lahajedwali anaweza kuijaribu hesabu ya ngazi kwa ngazi kwa fomula hii, jumla inayostahili ikiwa kwenye kisanduku `B2`:

```
=MIN(B2,200000)*1%+MAX(0,MIN(B2,500000)-200000)*2%+MAX(0,B2-500000)*3%
```

Dalili hii ina tabia moja inayoisaidia kazi ya kuitafuta. Mnunuzi akishavuka ngazi ya juu kabisa, tofauti kati ya njia mbili hizi haibadiliki tena, hata anunue mara mbili. Katika mkataba huu itabaki 7,000 daima, kwa sababu inatokana na 200,000 za kwanza zilizokosa asilimia 2 zaidi na 300,000 zinazofuata zilizokosa asilimia 1 zaidi. Kwa hiyo kama mnunuzi analalamikia vipindi viwili vyenye manunuzi tofauti sana, vyote vikiwa vimevuka ngazi ya juu, na upungufu anaoutaja unalingana katika vyote viwili ukishaondoa athari ya kodi na nauli, jua kwamba mnabishana juu ya njia ya kuhesabu ngazi. Hakuna ankara iliyopotea, na kuzipekua tena ni kupoteza siku.

Lililo gumu zaidi ni kujua nani yuko sahihi, na hapo lugha ya mkataba ndiyo hakimu. Mkataba uliosema "mnunuzi atapata asilimia 3 manunuzi yakizidi 500,000" unaweka sharti: yakizidi, basi kiwango ni hicho, na msomaji wa kawaida ataelewa kwamba kinashika manunuzi yote. Mkataba uliosema "mnunuzi atapata asilimia 3 kwa manunuzi yanayozidi 500,000" unazungumzia yale manunuzi yaliyozidi, na yaliyo chini yake hayamo. Kati ya *yakizidi* na *yanayozidi* kuna silabi chache tu, lakini katika kesi yetu zinabeba 7,000. Nimeona muuzaji akiandika mkataba kwa namna ya pili, kisha barua ya kuutangaza mpango kwa wateja akaiandika kwa namna ya kwanza, na mnunuzi akaitunza ile barua.

Kama maneno yote yaliyoandikwa yako upande wa ngazi kwa ngazi, endelea kuiandika upya taarifa. Kama yako upande wa mnunuzi, au yanasomeka kwa namna zote mbili, simamisha kazi. Taarifa ya rejesho hueleza hesabu iliyokubaliwa, na haina uwezo wa kuamua hesabu ambayo bado ina ubishi. Mpelekee suala hilo mwenye mamlaka ya mkataba, kwa maandishi, ukiwa na tarakimu zote mbili, 8,720 na 15,720. Ukiiandika upya taarifa kwa ustadi ili njia unayoipenda ionekane ndiyo pekee iliyopo, mwenzako ataigundua, na taarifa zako zote zijazo zitasomwa kwa shaka.

Katika kesi hii mkataba na barua vilisema "yanayozidi". Hesabu ya muuzaji ilikuwa sahihi, na kosa lake lilikuwa kuandika "Kiwango cha rejesho: 3%" kana kwamba ni kimoja.

Dalili ya tatu: umeweka kiwango cha wastani, na bado hesabu haifungi

Baadhi ya watu wakishaona kwamba asilimia 3 inapotosha, hugawanya 8,720 kwa 524,000, hupata asilimia 1.664 na zaidi kidogo, huikata ikawa 1.66, kisha huiandika kama kiwango. Nia ni njema, lakini mnunuzi akizidisha 524,000 kwa asilimia 1.66 anapata 8,698.40, na sasa ana tofauti mpya ya 21.60, yaani krediti imezidi hesabu uliyomwonyesha. Mhasibu makini atarudisha taarifa kwa kosa hilo dogo, na atakuwa na haki. Zaidi ya hayo, asilimia 1.66 haimo kwenye mkataba, kwa hiyo hana pa kuithibitisha. Onyesha ngazi tatu na viwango vyake kama vilivyo, na kiwango cha wastani ukipenda kukitaja, kitaje chini ya hesabu kama maelezo, ukiandika "takribani".

Dalili ya nne: mnunuzi anasema hajaiona krediti

Unamwonyesha hati ya krediti ya 8,720, na yeye anakuambia kwamba akauntini kwake hakuna kitu kama hicho. Mara nyingi wote wawili mnasema kweli. Anayeidai anatafuta mstari mmoja wa 8,720, ilhali krediti imekatwa vipande na kulazwa kwenye ankara zaidi ya moja, au imesimama kwenye akaunti bila kuelekezwa kwenye ankara yoyote. Fungua akaunti ya mteja na ufuatilie hati yenyewe: imekatwa kwenye ankara zipi, kiasi gani kila moja, tarehe ipi. Kama haijakatwa popote, mnunuzi ataendelea kudaiwa kiasi kizima kwenye ankara zake, na barua za kumkumbusha deni zitaendelea kutoka, hata kama salio la jumla liko sawa.

Katika kesi yetu tulikuta jambo baya kidogo kuliko hilo. Mfumo ulikuwa umepangwa kukata krediti kwenye deni la zamani kuliko yote. Deni hilo lilikuwa 5,300 zilizobaki kwenye ankara namba 2093, na mnunuzi alikuwa amezizuia kwa makusudi kwa sababu sehemu ya mzigo ule ilifika imevunjika, na madai yake yalikuwa bado yanachunguzwa. Mfumo ukachukua 5,300 kati ya 8,720 ukazifunga nazo ankara ile, na 3,420 zilizobaki ukazikata kwenye ankara namba 2151 yenye deni la 48,600, ikabaki 45,180. Kwa mtazamo wa vitabu kila kitu kilikaa sawa. Kwa mtazamo wa mnunuzi, muuzaji alikuwa ametumia rejesho lake kulipia bidhaa zilizovunjika, tena kimyakimya, na dai lake likawa limefungwa bila kujibiwa.

Hapa muuzaji ndiye mwenye kosa, na hakuna namna ya kuandika inayolirekebisha. Inabidi krediti iondolewe kwenye ankara 2093 ili deni la 5,300 lirudi likiwa na alama ya kuwa lina mgogoro, kisha 8,720 zote zikatwe kwenye ankara 2151, ambayo haina ubishi. Deni la ankara hiyo litakuwa 39,880. Fanya marekebisho hayo akauntini kwanza, yathibitishe kwa kutoa upya orodha ya madeni ya mteja, ndipo uandike taarifa. Taarifa ikitangulia marekebisho, mnunuzi atalinganisha karatasi mbili zilizotoka ofisi moja na kukuta zinapingana.

Kuna sababu nyingine mbili zinazozaa dalili hii, nazo zinajitambulisha zenyewe. Kama kiasi cha akauntini ni 9,592 badala ya 8,720, hati ya krediti imebeba asilimia 10 ya kodi. Iwapo rejesho linapaswa kupunguza kodi ya ankara za awali ni suala la sheria ya kodi inayohusika, kwa hiyo muulize mhasibu wa kodi, kisha taarifa ionyeshe kodi kwenye mstari wake. Na kama mnunuzi alijikatia rejesho mwenyewe alipolipa ankara fulani, utaona ankara hiyo imelipwa pungufu kwa kiasi kinachofanana na hesabu yake. Hapo krediti yako ielekezwe kwenye upungufu huo huo, la sivyo rejesho litaonekana limetolewa mara mbili upande mmoja na deni litaonekana limebaki upande mwingine.

Taarifa iliyoandikwa upya

Baada ya vyanzo kupatikana, kuandika ni kazi fupi. Kanuni niliyoifuata ni kwamba kila mstari uanze na tarakimu iliyoachwa na mstari uliotangulia, na tarakimu ya kwanza kabisa iwe ile ambayo mnunuzi anayo tayari vitabuni mwake. Ndiyo maana 616,000 imebaki, ingawa haitumiki kuhesabu rejesho. Ukiiondoa na kuanza na 524,000, msomaji atajiuliza tarakimu hiyo imetoka wapi, nawe utakuwa umerudi pale pale.

Taarifa ya rejesho la manunuzi, toleo la 2
Kipindi: 1 Januari hadi 31 Machi, kwa tarehe ya ankara
Toleo hili linafuta toleo la 1. Kiasi cha rejesho hakijabadilika. Kilichobadilika ni ankara ambayo krediti imekatwa.

A. Manunuzi yanayostahili rejesho
Jumla ya ankara pamoja na kodi: 616,000
Toa kodi: 56,000
Toa nauli iliyotozwa kwenye ankara: 14,000
Toa bidhaa zilizorudishwa ndani ya kipindi, bila kodi: 22,000
Manunuzi yanayostahili rejesho: 524,000

B. Rejesho kwa kila ngazi
200,000 za kwanza kwa asilimia 1: 2,000
300,000 zinazofuata kwa asilimia 2: 6,000
24,000 zilizozidi 500,000 kwa asilimia 3: 720
Jumla ya rejesho: 8,720

C. Krediti ilivyotumika
Hati ya krediti namba 0147, bila kodi: 8,720
Deni la ankara 2151 kabla ya krediti: 48,600
Krediti iliyokatwa: 8,720
Deni la ankara 2151 baada ya krediti: 39,880
Krediti iliyobaki bila kutumika: 0

Sehemu A huambatanishwa na orodha ya ankara na orodha ya bidhaa zilizorudishwa, na jumla za orodha hizo zilingane na mistari ya juu hadi tarakimu ya mwisho. Mstari wa mwisho wa sehemu C uandikwe hata ukiwa sifuri. Mnunuzi asipouona atauliza kama kuna kitu kilichobaki, na swali hilo hugharimu barua mbili.

Barua inayoitangulia taarifa isirudie hesabu. Tuliyoituma ilikuwa na aya moja:

"Ndugu Meneja wa Ununuzi, tumepokea hesabu yenu ya 18,480 na tumeilinganisha na yetu. Tofauti ya 9,760 ina sehemu mbili: 2,760 zinatokana na kodi, nauli na bidhaa zilizorudishwa, ambazo mkataba hauziingizi kwenye rejesho, na 7,000 zinatokana na viwango vya asilimia 1 na 2 vinavyotumika kwa 500,000 za kwanza. Tulikosea kukata sehemu ya krediti kwenye ankara 2093, ambayo dai lenu la bidhaa zilizovunjika bado linachunguzwa. Tumeiondoa, na dai hilo limebaki wazi. Tunaomba radhi kwa usumbufu huo."

Angalia kwamba radhi imeombwa kwa lile kosa lililokuwa kosa. Kuomba radhi kwa jumla, kwa "mkanganyiko uliojitokeza", kungemfanya mnunuzi aamini kwamba hata zile 7,000 zina mwanya.

Matatizo yanayozaliwa na marekebisho yenyewe

La kawaida ni krediti mbili. Mtu wa mauzo hutengeneza toleo la 2, mtu wa hesabu akaliona kama rejesho jipya, na hati nyingine ya 8,720 ikatolewa. Utalitambua kwa hati mbili za kiasi kimoja zenye kipindi kimoja. Kinga ni namba ya hati ya krediti kuandikwa ndani ya taarifa, kama ilivyo hapo juu, pamoja na ile sentensi inayosema kiasi hakijabadilika. Na kama kiasi kimebadilika kweli, itolewe hati ya tofauti tu, taarifa ikionyesha kiasi cha zamani, cha sasa na tofauti yao.

La pili ni bidhaa zinazorudi baada ya kipindi kufungwa. Tuseme mwezi Aprili mnunuzi anarudisha bidhaa za 30,000 alizonunua Machi. Zikiondolewa kwenye robo ya kwanza, jumla inashuka hadi 494,000 na anatoka kabisa kwenye ngazi ya tatu. Kwa hesabu ya ngazi kwa ngazi rejesho linakuwa 7,880, yaani pungufu ya 840, na hilo linavumilika. Kwa mkataba ambao kiwango cha juu kinashika manunuzi yote, rejesho lingeanguka kutoka 15,720 hadi 9,880, na upungufu wa 5,840 kwa mzigo wa 30,000 ni jambo ambalo hakuna mnunuzi atakayelipokea bila kugomba. Kama mkataba unasema bidhaa zilizorudi zihesabiwe katika kipindi zilipopokelewa, basi ziende robo ya pili na robo ya kwanza isiguswe. Kama hausemi lolote, lipatie jibu la maandishi kabla ya kufunga kipindi kinachofuata, na taarifa ziandikwe kwa jibu hilo kuanzia hapo. Ndiyo sababu mstari wa sehemu A unasema "zilizorudishwa ndani ya kipindi", na maneno hayo matatu ya mwisho yasifutwe kwa sababu tu mstari umekuwa mrefu.